Mtoto amerudi kutoka kulala kwa rafiki yake: namna ya kumshukuru mzazi aliyempokea

Mzazi anayemlaza mtoto wa mwenzake hufanya kazi ya aina mbili. Moja inaonekana: kupika cha kutosha, kutandika, kukumbusha kuoga na kupiga mswaki. Nyingine haionekani. Usiku analala nusu macho, akisikiliza kama mgeni wake mdogo ameamka. Mezani anamtazama kama anakula au anazungusha tu kijiko. Mtoto akishachukuliwa, mzazi huyo hubaki na maswali ambayo hawezi kumwuliza mtu: je, alishiba kweli? Alijisikia vizuri? Anasema nini huko kwao? Ujumbe wa shukrani ndio unaomjibu, na ndiyo sababu “asante kwa kila kitu” humfikia bila kumtosheleza. Ni maneno mazuri, lakini hayajibu hata swali moja kati ya hayo.

Mwongozo huu unashughulikia hali iliyo ya kawaida kuliko zote: mtoto wa miaka 6 hadi 10 amelala kwa rafiki yake kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, na wazazi wa pande mbili wanafahamiana kiasi, ila si ndugu wala si marafiki wa siku nyingi. Kwa ndugu wa karibu, simu moja ya mazungumzo inatosha.

Hatua ya kwanza: mlangoni, siku ya kumchukua

Shukrani ya mdomo hutolewa papo hapo, lakini iwe fupi. Jumapili mchana mwenyeji amechoka, na huenda anasubiri mlango ufungwe ili akae chini. Dakika tano zinatosha, usipokaribishwa ndani kwa msisitizo. Fika kwa saa mliyokubaliana. Ukichelewa saa nzima bila taarifa, hakuna ujumbe mtamu utakaoifuta saa hiyo.

Mtoto aseme asante mwenyewe, na aseme kwa kila mtu mzima aliyemhudumia: mama, baba, bibi aliyekuwepo, msaidizi wa nyumbani. Tatizo la hapa linajulikana. Mzazi husimama mlangoni akasema kwa sauti, “Haya, umesema asante?” Mtoto huona haya, hutazama chini, hunong'ona, na shukrani inageuka kuwa adhabu mbele ya watu. Dawa yake ni kumwandaa kabla, siku anapopelekwa. Mfundishe sentensi moja tu na wakati wa kuisema: “Ukishavaa viatu, kabla ya kutoka, nenda kwa mama wa rafiki yako umwambie: asante kwa kunikaribisha, nimefurahi.” Mtoto mwenye sentensi tayari na alama ya kumkumbusha (hapa ni viatu) huisema bila kusukumwa. Asiposema, usimlazimishe. Sema wewe, naye atapata nafasi nyingine kwa maandishi.

Kabla ya kuondoka uliza swali moja: “Kuna jambo lolote ninalopaswa kulijua?” Uliza mtoto akiwa ameshatoka, ili mwenyeji aweze kukwambia kwa uhuru kwamba alilia usiku, au alikataa kula, au waligombana. Chochote atakachokwambia, kipokee kwa kichwa cha kukubali na asante. Usianze kutetea wala kumgombeza mtoto palepale.

Hatua ya pili: mistari miwili ya jioni ileile

Mkishafika nyumbani, tuma ujumbe mfupi: mmefika salama, mtoto yupo katika hali gani, na kwamba utaandika tena. Kwa mfano: “Tumefika salama. Baraka amelala njia nzima, amechoka kwa furaha. Asante sana, nitakuandikia vizuri kesho.”

Ujumbe huu si shukrani yenyewe. Kazi yake ni kumpumzisha mwenyeji, na kukupa wewe muda wa kukusanya mambo ya kuandika. Wengi huandika shukrani yao yote saa hiyohiyo, kabla hawajajua lolote lililotokea kule, kwa hiyo wanabaki na maneno ya jumla tu.

Hatua ya tatu: kusanya mambo, kwa begi na kwa mtoto

Hatua hii ndiyo wengi huiruka, nayo ndiyo inayobeba shukrani yote.

Anza na begi. Lifungue na mtoto, toa kitu kimoja kimoja, maana begi husema mambo ambayo mtoto hakuyaona kuwa ni mambo. Nguo za Jumamosi zimerudi safi na zimekunjwa: kuna mtu aliyefua na kukausha ndani ya siku moja. Kuna soksi isiyo yako: miguu yake ililowa, akapewa kavu. Dawa ya asubuhi imepungua kwa idadi sahihi: mwenyeji alikumbuka kila siku. Kofia imeshonwa pale ilipochanika. Kila kimoja kati ya hivi ni jambo la kushukuru kwa jina lake.

Kisha mwulize mtoto, lakini si kwa swali la “ilikuwaje?” Swali hilo huzaa neno moja, “nzuri”, na mazungumzo yameisha. Watoto hukumbuka kwa mahali na kwa mtu, kwa hiyo uliza hivyo: Nani aliwaamsha? Ulilala upande gani wa chumba? Mlikula mmekaa wapi, nani alikaa karibu yako? Taa ilizimwa na nani? Kuna wakati ulihitaji kitu, nani alikusaidia? Maswali matatu au manne yanatosha, mkiwa mnafanya kitu kingine, kama kutoa nguo kwenye begi. Mtoto akikaziwa macho anaona anahojiwa, naye hunyamaza.

Unachotafuta ni kitendo kimoja au viwili ambavyo mwenyeji alivifanya bila kulazimika. Si ratiba ya wikendi nzima. Yeye mwenyewe alikuwepo, hana haja ya kuhadithiwa alichopika.

Na kama majibu ya mtoto yanaonyesha kwamba kule alitishwa, aliumizwa, au alifanyiwa jambo lililomwogopesha, acha habari ya shukrani. Msikilize kwanza mpaka amalize, bila kumkatiza na bila kumwekea maneno mdomoni, umwambie amefanya vema kukueleza, kisha tafuta msaada kwa wanaohusika na usalama wa watoto. Adabu haimdai mtu shukrani katika hali hiyo.

Hatua ya nne: ujumbe wenyewe

Uandike siku inayofuata, au kabla ya siku mbili kupita. Tumia njia ambayo nyinyi wawili mmeizoea kuwasiliana. Sentensi tano hadi saba zinatosha. Ukipita hapo unaanza kujirudia, na msomaji anaanza kutafuta ombi limefichwa wapi.

Anza kwa kumwita kama unavyomwita siku zote. Kama ni Mama Imani, basi Mama Imani. Kama amekuzidi umri na huwa unampa shikamoo, iwepo. Usibadili namna ya kumwita kwa sababu tu leo unaandika jambo rasmi, maana ujumbe utasikika kama barua ya ofisi. Na kama wenyeji walikuwa wawili, wataje wote wawili. Kosa la kawaida ni kumwandikia mama peke yake, wakati baba ndiye aliyewapeleka watoto kucheza na kuwasubiri saa tatu nzima.

Baada ya hapo taja kitendo ulichokigundua, kwa maneno mepesi, kisha sema kilimfanyia nini mtoto. Mtu ukimsifu tu, “wewe ni mkarimu sana”, hana la kufanya ila kukanusha kwa unyenyekevu. Ukimwambia alichofanya na kilichotokea baadaye, anajua kwamba taabu yake imeonekana.

Tuchukue mfano tuufuate hadi mwisho. Baraka ana miaka 8, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kulala nje ya kwao. Usiku wa Ijumaa aliamka akalia akitaka kurudi nyumbani. Mama Imani akakaa naye kitandani, akaacha taa ya korido ikiwaka na mlango wazi kidogo, Baraka akalala tena. Jumamosi Baba Imani akawafundisha watoto wote wawili kuziba pancha ya baiskeli. Begi limerudi na nguo zilizofuliwa. Rasimu ya kwanza ya mama yake ilikuwa hivi:

“Habari Mama Imani. Asante sana kwa kila kitu mlichomfanyia Baraka, mmetusaidia sana, samahani kwa usumbufu wote, najua si kazi rahisi, samahani kama alisumbua usiku. Mbarikiwe sana. Halafu naomba uniangalizie sweta lake la bluu, sijaliona. Karibuni na kwetu siku moja.”

Hakuna neno baya hapo, lakini ujumbe mzima umeegemea pabaya. “Kila kitu” hakitaji kitu. Samahani zimekuja mara mbili, nazo humlazimisha Mama Imani kuanza kumtuliza mwenzake: “hapana, hakusumbua kabisa.” Aliyetoa huduma ndiye anayeendelea kuhudumia. Mbaya zaidi ni sweta. Jambo la mwisho lenye kazi ndani yake ndilo linalobaki kichwani, kwa hiyo atakapofunga simu hatakuwa akifikiria asante, atakuwa akiinama kuchungulia chini ya kitanda. Na “karibuni siku moja” ni maneno ya kuagana, si mwaliko.

Hii ndiyo rasimu ya pili:

“Mama Imani, habari za leo. Baraka amenieleza kwamba usiku wa Ijumaa aliamka akilia, nawe ukakaa naye mpaka akalala, ukamwachia taa ya korido. Jana usiku ameniomba tuache taa ya korido ‘kama kwa kina Imani’, akalala mwenyewe bila kuniita. Mwambie Baba Imani kwamba baiskeli ya hapa imeshageuzwa miguu juu, inatafutwa pancha. Na nguo zimerudi zimefuliwa, jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Nawashukuru nyote wawili kwa moyo wangu wote. Mungu awazidishie.”

Tazama kilichotokea. Mama Imani hakujua kama alifanya sawa usiku ule kwa kutopiga simu. Sasa anajua, tena bila kuulizwa. Baba amepata fungu lake. Samahani haimo hata moja, na bado heshima ipo. Dua imekuja mwishoni, mahali pake. Dua ni nzuri, lakini haiwezi kusimama badala ya kitendo kilichotajwa. Ikija peke yake, inafanana na ujumbe ambao mtu angemtumia yeyote.

Sweta litaulizwa siku mbili tatu baadaye, katika ujumbe wake lenyewe. Utaratibu huo ushike kwa kila jambo la kazi: kilichosahaulika, ombi la kumlaza tena mwezi ujao, swali la shule. Shukrani ikibebeshwa ombi, ombi ndilo husomwa. Kitu kisichoweza kusubiri, kama dawa au miwani, kiulize jioni ileile kwenye mistari miwili ya kwanza, ili ujumbe wa kesho ubaki msafi.

Ukipenda kutuma sauti badala ya maandishi, iwe ya dakika moja tu, na uirekodi ukijua kwamba huenda itasikilizwa watoto wakiwa karibu. Usitoe shukrani hii kwenye kundi la wazazi wa darasa. Kule inageuka tangazo: wazazi ambao watoto wao hawakualikwa wanasoma, na mwenyeji anawekwa katika hali ya kuombwa awalaze na wengine. Picha za watoto wakiwa nyumbani kwake nazo usizirushe popote kabla hajakubali, maana ni nyumba yake na ni mtoto wake.

Mstari wa mtoto mwenyewe

Ujumbe wako haufuti wa mtoto. Aliye chini ya miaka 6 achore kitu kimoja alichokipenda kule, nawe umwandikie chini yake anachosema kwa maneno yake. Wa miaka 6 hadi 9 aandike sentensi tatu: asante, nilipenda kipi, na jina lake. Aliyefika miaka 10 aandike mwenyewe bila kuongozwa.

Makosa ya tahajia yaache, isipokuwa jina la mwenyeji, ambalo lazima liwe sahihi. Mzazi akisahihisha kila neno, karatasi inakuwa safi lakini sauti ya mtoto imepotea, na mpokeaji huona mara moja kwamba imeandikwa kwa shinikizo. Kama mtoto hataki kuandika siku hiyo, mpe siku mbili. Wiki ikipita bila chochote, achana nayo.

Mambo ya kushukuru kwa tahadhari

Kukojoa kitandani hutokea, hata kwa mtoto ambaye nyumbani ameshaacha, kwa sababu ya uchovu, kinywaji cha usiku na nyumba ngeni. Mwenyeji aliyebadilisha shuka bila watoto wengine kujua amefanya jambo kubwa, naye anastahili kushukuriwa kwalo. Lakini usiliandike wazi. Simu za wazazi hushikwa na watoto, na rafiki yake akisoma, darasa zima litajua. Andika hivi: “Asante kwa namna ulivyolimaliza kimyakimya lile la asubuhi.” Yeye ataelewa.

Mtoto akiwa amevunja au kuharibu kitu, hilo si la kuandika ndani ya shukrani. Piga simu kwanza, sema unajua, na ueleze utakavyofanya: “nitaleta kingine Jumamosi” ni bora kuliko “niambie bei”, kwa sababu mwenye nyumba akiulizwa bei kwa kawaida atasema acha tu. Akikataa mara mbili kwa msimamo, usimvute zaidi. Shukrani itume baada ya simu hiyo, bila kurudia habari ya kitu kilichovunjika.

Fedha zina kanuni yake. Mwenyeji aliyemlipia mtoto wako kiingilio, au aliyempeleka zahanati akalipa, anakudai. Hilo ni deni, lirudishe upesi kwa kiasi kilekile, peke yake. Lakini kumlipa kwa kumlaza mtoto ni kosa, maana unageuza ukarimu wake kuwa ajira, na hakuna kiwango kitakachokuwa sahihi.

Zawadi si lazima. Ukitaka kuitoa, chagua kitu kidogo kinachotumika kikaisha na kinachohusu nyumba nzima, si mtoto mmoja, usije ukazua ugomvi kati ya rafiki wa mwanao na ndugu zake. Wakati mzuri ni siku ya kumpeleka au ya kumchukua. Zawadi kubwa inayofika wiki moja baadaye humfanya mwenyeji ajione amewekewa deni.

Nguo ya kuazima irudi ndani ya wiki, imefuliwa na kukaushwa vizuri, ikiwa na karatasi yenye neno moja au mawili. Ikikaa mwezi, mwenye nguo ataona haya kuidai, na haya hiyo itaharibu kilichojengwa na ujumbe.

Kualika kwa zamu

Mwaliko uwe na siku yake. Subiri wiki moja au mbili, usiutie ndani ya shukrani, kisha andika: “Jumamosi ya tarehe 14 tunaweza kumpokea Imani kuanzia saa nne asubuhi, tukamrudisha Jumapili saa nane mchana. Mnaonaje?” Ukiwa na siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mwenzako ana la kujibu. Atakachopewa kwa kweli ni usiku mmoja wa kupumzika, na hicho ndicho mzazi aliyelaza wageni hukihitaji.

Kama nyumba yako haina nafasi, au unafanya kazi za usiku, usiahidi kulaza. Mchukue rafiki huyo mchana mmoja, wapeleke wote wawili kucheza, umrudishe kwao jioni akiwa ameshakula. Vilevile wapo wazazi wasioruhusu watoto wao kulala nje kabisa, ingawa wao hupokea wageni. Wakikataa mara moja, chukua jibu bila kuuliza sababu, na uwape mwaliko wa mchana.

Ukiwa umechelewa

Wiki mbili zimepita na hujaandika. Bado andika. Sentensi nusu ya kukiri inatosha, “nimechelewa kukuandikia hili”, kisha ingia kwenye jambo. Usieleze ulivyokuwa na shughuli, kwa sababu naye alikuwa na shughuli zake siku alizompokea mwanao. Kuchelewa kuna faida yake ndogo: sasa unaweza kusema kipi mtoto bado anakikumbuka. “Ni wiki ya tatu leo, na bado taa ya korido inawaka” ni sentensi ambayo isingewezekana siku ya kwanza.